Majina Saba na Mgawo wa Chakula

Mwaka 2024 watahiniwa wa kidato cha 4 nchini Uganda walifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa UCE uliotungwa kwa mtaala mpya, ule ulioanza kufundishwa 2020. Kazi za darasani zilibeba asilimia 20 ya alama, na mtihani wa Baraza la Mitihani (UNEB) asilimia 80. Katika elimu ya dini, ya Kikristo na ya Kiislamu, maswali ya taja sababu tano yaliachia nafasi kisa kifupi cha maisha ambacho mtahiniwa hukishughulikia kwa kutumia aliyojifunza. Tangu hapo mwalimu wa dini katika Ayivu au Koboko analazimika kutunga visa vyake mwenyewe kwa mazoezi ya darasani, na kutunga kisa kizuri ni kazi ngumu kuliko wengi walivyotarajia.

Visa vingi ninavyoviona vina kasoro moja. Kijana fulani ameingia katika ulevi, wazazi wamehuzunika, na mtahiniwa anaombwa amshauri kwa mafundisho ya dini. Funika kisa kwa mkono, usome ombi peke yake: jibu ni lilelile. Asali, aache marafiki wabaya, akumbuke mwili ni hekalu la Mungu. Mwanafunzi aliyekariri orodha ya mistari ataijaza karatasi bila kusoma hata jina la kijana huyo. Orodha ya zamani imebaki ilivyokuwa, imeongezewa utangulizi tu.

Tuchukue kisa kinachohitaji kusomwa. Parokia moja ya Ayivu inagawa mahindi na maharage kwa wasiojiweza. Wajane waliokimbia vita Sudan Kusini wanalalamika kwamba majina yao hurukwa kila orodha inaposomwa. Wajumbe wote wa kamati ya mgawo ni wenyeji, wasemaji wa Kilugbara, na orodha husomwa kwa lugha hiyo. Mtahiniwa anapewa Matendo ya Mitume 4:32–35 na 6:1–7, yamechapwa kwenye karatasi yenyewe, kisha anaulizwa: je, njia waliyoitumia mitume ingemaliza malalamiko ya parokia hii? Atoe ushahidi mmoja kutoka katika maandiko unaounga mkono jibu lake na mmoja unaolitia mashaka.

Kuchapa maandiko kwenye karatasi kunabadilisha mambo mengi. Anayekumbuka mstari na asiyeukumbuka sasa wako sawa. Kinachowatofautisha ni kile kila mmoja anachokiona ndani yake. Na kuna mengi ya kuona. Sura ya 4 inasema hakuna mtu miongoni mwao aliyekuwa mhitaji. Sura mbili baadaye wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mwanafunzi makini atauliza jinsi habari hizo mbili zinavyokaa pamoja: je, idadi ya waumini ilikua haraka kuliko utaratibu wa kugawa, kama mwanzo wa sura ya 6 unavyodokeza, au ile picha ya sura ya 4 inaonyesha namna jumuiya ilivyotaka kuishi?

Kisha kuna majina. Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao: yote saba ni ya Kiyunani, na Nikolao anatajwa kuwa mwongofu wa Antiokia. Kutokana na hayo mtahiniwa anaweza kudai kwamba jumuiya ilikabidhi mgawo kwa watu wa upande ule uliokuwa unanung'unika, na kwamba parokia ya Ayivu ingefanya vema kuwaingiza wakimbizi katika kamati. Ni hoja yenye nguvu, lakini haijafungwa. Filipo na Andrea, wawili kati ya wale Kumi na Wawili, nao walikuwa na majina ya Kiyunani ingawa walikuwa Wagalilaya. Jina peke yake halithibitishi mtu ni wa kundi gani. Mwanafunzi anayeitoa hoja ya majina kisha akaonyesha udhaifu huu, amefanya uchambuzi.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za kukariri hazikuwahi kuligusa. Mstari wa 7 unasema neno la Mungu lilienea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka, lakini haurudi kwa wajane. Hatuambiwi kama walianza kupata chakula. Katika kifungu chote wajane hawasemi neno, na waliochaguliwa ni wanaume saba. Kwa hiyo mtahiniwa anayejibu kwamba njia ya mitume isingetosha kwa parokia hii, kwa sababu wenye njaa wenyewe hawakuulizwa, ana ushahidi mkononi. Mwenzake anayejibu kinyume, akionyesha kwamba mitume hawakubishana na walalamikaji na walikabidhi uchaguzi kwa jumuiya nzima, naye ana ushahidi. Wote wawili wastahili alama zote.

Hapo ndipo usahihishaji unapoharibika. Mwongozo ukiwa na jibu moja, msahihishaji atamkata mmoja wao. Mwongozo unaofaa hupanga ngazi: aliyerudia kifungu kwa maneno yake, aliyekiunganisha na kamati ya Ayivu kwa jambo mahsusi, aliyetumia ushahidi kujenga msimamo, na aliyeupima msimamo huo kwa ushahidi unaoupinga. Uchamungu wa maneno haupewi ngazi. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa katika somo letu sentensi inayohimiza maombi na upendo humlainisha msahihishaji, hata pale ambapo haijajibu chochote.

Kwa wanafunzi wa Kiislamu wa Koboko kisa hichohicho kinasimama juu ya zaka. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane yanayostahili. Kuyataja yote manane ni kumbukumbu tu. Swali linaanza pale mjane aliyevuka mpaka anapohitaji kuwekwa mahali: je, ni fukara, ni maskini, au ni msafiri aliyeishiwa? Ongeza hadithi ya Muadh, aliyetumwa Yemen na Mtume akiagizwa kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa maskini wao. Wanazuoni wengi wa Kishafii waliisoma kuwa zaka isihamishwe kutoka mji wake. Wahanafi waliruhusu ihamishwe penye haja kubwa zaidi. Sasa mkimbizi anayeishi Koboko, ambako Wakakwa wako pande zote za mpaka, ni maskini wa nani? Mtahiniwa lazima aseme anasimama na usomaji upi na kwa nini.

Maswali ya aina hii yana gharama. Mtihani ni wa Kiingereza, ambacho kwa mtoto wa Ayivu aliyekulia katika Kilugbara ni lugha ya darasani tu. Kisa cha ukurasa mzima kitapima kasi ya kusoma, na mwenye akili ya uchambuzi ataonekana mzito. Sentensi 6 au 7 zinatosha, zenye majina ya vitu vinavyojulikana. Kila jambo lililomo liwe na kazi katika jibu: katika kisa chetu, ukiondoa lugha inayosomewa orodha, hoja ya kamati inapoteza nusu ya nguvu yake, kwa hiyo lugha hiyo ibaki. Rangi ya gunia la mahindi iondolewe.

Na kisa kikishatumika, kimekwisha. Ukikirudia muhula ujao, madaftari yatakuwa tayari na majina saba, pamoja na udhaifu wa hoja ya majina, yamepangwa kwa namba. Mwalimu atahitaji kifungu kingine, na kamati nyingine.