Takadini Namba 0417 Iko Wapi?

Kabati la maktaba la sekondari nyingi za Tanzania huwa na nakala kadhaa za Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyosomwa na vidato vingi. Mwalimu wa maktaba anapofungua daftari la kuazima na kukuta mstari usemao "Takadini, Asha, Kidato cha Tatu", kuna jambo hawezi kulijua: ni nakala ipi aliyoichukua Asha? Akirudisha kitabu kilichochanika jalada, hakuna wa kuthibitisha kwamba ndicho alichopewa. Wanafunzi wawili wakibadilishana nakala bwenini, daftari halitaona lolote.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuazimisha. Kila nakala hupewa namba yake, ikaandikwa kwa wino ndani ya jalada na kwenye ukurasa mmoja wa katikati, kwa sababu jalada ndilo huchanika kwanza. Nakala 40 za riwaya moja ni namba 40 tofauti. Namba hiyo huandikwa pia kwenye rejista ya vitabu vyote vya shule, na haitumiki tena kwa kitabu kingine hata kama nakala yenyewe imeoza.

Daftari la kuazima linahitaji safu nane tu: namba ya nakala, jina la kitabu, jina la mwanafunzi, kidato na mkondo, tarehe ya kuazima, tarehe ya mwisho, tarehe aliyorudisha, na hali. Iliyo muhimu kuliko zote ni ya saba, nayo huachwa wazi. Uwazi huo ndio unaosema kitabu kiko nje. Kitabu kikirudi, tarehe hujazwa na mstari hubaki ulivyo. Anayeukata kwa kalamu nyekundu au kuufuta kwenye kompyuta hupoteza ushahidi kwamba mtoto alirudisha.

Tarehe ya mwisho nayo ina adabu yake. Siku 14 zinatosha kwa riwaya, lakini ikiwa kila mtoto ana siku yake, hakuna atakayeikumbuka. Shule nyingi hufanya vizuri zinapochagua siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa, ikawa ndiyo siku ya kurudisha kwa wote. Tarehe isiangukie likizo. Mwanafunzi anayetaka kuongezewa muda aandikiwe mstari mpya. Tarehe ya zamani isifutwe na kuandikwa nyingine juu yake, maana kitabu kilichoongezewa muda mara tano kitaonekana kama kimeazimwa jana.

Mwaka 1895 mkutubi wa Marekani, Nina Browne, alibuni mpango uliotumika miongo mingi duniani. Kitabu kilikuwa na kadi yake, na msomaji alikuwa na kifuko kidogo cha karatasi. Kitabu kilipoazimwa, kadi iliingizwa kifukoni, na kifuko kikapangwa kwenye trei nyuma ya tarehe ya kurudisha. Tarehe ikipita, vifuko vilivyobaki nyuma yake ndivyo vitabu vilivyochelewa, hakuna haja ya kutafuta. Shule isiyo na umeme inaweza kupata faida ileile kwa daftari la kawaida: kila Ijumaa ya kurudisha ipewe ukurasa wake. Siku hiyo ikipita, mistari isiyojazwa kwenye ukurasa huo ndiyo orodha ya waliochelewa.

Penye kompyuta, jedwali hufanya hesabu hiyo lenyewe. Safu zikipangwa kuanzia A hadi H kama zilivyotajwa, fomula hii ikiwekwa kwenye safu ya I huonyesha kitabu kimechelewa siku ngapi, na hunyamaza kikiwa kimerudi au kimeshaamuliwa:

```
=IF(AND(A2<>"",F2<TODAY(),G2="",H2=""),TODAY()-F2,"")
```

Orodha inayotokana nayo haipaswi kubandikwa ubaoni siku hiyohiyo. Baadhi ya vitabu vilivyomo viko kabatini. Mtoto alirudisha wakati wa mapumziko, kiranja wa maktaba akakipokea kwa haraka, akakipanga bila kujaza tarehe. Mwalimu anayemwita mtoto huyo mbele ya wenzake kwa kitabu alichokwisha kurudisha amemwonea, na mtoto huyo ataiogopa maktaba. Basi hatua ya kwanza ni kuchukua orodha, kwenda nayo kabatini na kusaka namba moja moja, pamoja na kwenye makabati ya jirani. Jedwali nalo linaweza kusaidia kwa kuhesabu mistari iliyo wazi ya nakala ileile:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,G:G,"")
```

Jibu likizidi 1, nakala moja imeandikwa iko kwa watu wawili, yaani kulikuwa na marejesho ambayo hayakuandikwa.

Tuchukue mfano. Ijumaa ya tarehe 14 Februari 2025, nakala 26 kati ya 40 za Takadini zinaazimwa, za kurudishwa tarehe 28. Siku hiyo zinarudi 17. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Machi, tisa zingali wazi, na fomula inaonyesha siku 14 kwa kila moja. Mwalimu anakagua kabati na kukuta mbili, zikiwemo zilizopangwa kati ya tamthilia. Saba zilizobaki zinapelekwa kwa walimu wa madarasa, kila mmoja na wa mkondo wake, wakisoma namba ya nakala pamoja na jina. Nne zinaletwa kesho yake.

Tatu zilizobaki hazifanani hata kidogo. Namba 0417 aliyeichukua alimwazima rafiki wa mkondo mwingine, inafuatwa, inarudi. Ya pili mwenyewe alihamia shule nyingine, na hakuna aliyepita maktaba kabla ya kusaini barua yake ya uhamisho. Ya tatu ilinyeshewa mvua, na mtoto akaificha kwa hofu ya faini. Ndiyo maana faini ya kila siku haifai shuleni: kadiri inavyopanda, ndivyo mtoto anavyozidi kukificha kitabu. Mzazi aitwe, anunue nakala nyingine, na nakala hiyo ipewe namba mpya.

Hapo ndipo safu ya hali inapopata kazi. Namba mbili zinaandikwa "imepotea", moja ikiongezwa "imelipwa", pamoja na tarehe ya uamuzi. Zinatoka kwenye orodha ya waliochelewa na kuingia kwenye orodha ya visivyorudi, ambayo mkuu wa shule huipitia na kuisaini mwisho wa muhula, kisha rejista kuu inarekebishwa. Riwaya hiyo sasa ina nakala 39: 40, toa mbili, ongeza moja mpya. Orodha hizo mbili zikichanganywa, majina ya waliokwisha kuhama yatasomwa mwaka baada ya mwaka, na darasa litaacha kusikiliza.

Hasara kubwa zaidi hutokea kidato cha nne wanapoondoka baada ya mtihani wa Novemba. Shule nyingine hutegemea kuzuia cheti, lakini huko Kenya, kwa mfano, Sheria ya Baraza la Taifa la Mitihani ya mwaka 2012 hairuhusu cheti cha mtahiniwa kuzuiwa. Njia iliyo salama ni kuiweka tarehe ya mwisho ya kidato hicho mapema Oktoba, wanafunzi wakiwa bado wanakuja kila siku, na atakayehitaji kitabu kwa marudio baada ya hapo akisomee maktabani.