Kupanga Malipo ya Madeni kutoka katika Picha ya Orodha

Wananchi wengi wanaofika kwetu kuomba ushauri kuhusu madeni huleta simu yenye picha ya ukurasa wa daftari, ulioandikwa kwa mkono majina ya wanaowadai, kiasi wanachodaiwa na tarehe za kulipa. Picha hiyo ni mwanzo mzuri, lakini ni kumbukumbu ya kile kilichoandikwa siku fulani, na huenda haionyeshi deni lilivyo leo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kugawa shilingi yoyote, kila mstari wa picha husomwa upya na kulinganishwa na ushahidi mwingine.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani ambaye picha yake, iliyopigwa mwezi Mei, ina mistari mitano: mkopo wa simu 70,000, tarehe 12/6, kikoba 180,000, tarehe 15/6, duka la vitambaa 240, tarehe 20/6, SACCOS 50,000, tarehe 25, na dada 100,000, "nikipata". Baada ya kutoa chakula, kodi ya pango, nauli na uzi, fundi huyu hubakiwa na shilingi 80,000 kila wiki.

Kuisoma picha

Ikuze picha, kisha unakili kila mstari kwenye karatasi mpya. Maandishi ya mkono huchanganya 1 na 7, 3 na 8, 0 na 6. Ukingo wa picha unaweza kukata sufuri za mwisho, na kivuli cha mkunjo wa daftari kinaweza kuficha tarakimu nzima. Kama daftari lenyewe lipo, lifungue. Picha isiwe hakimu pale ambapo ukurasa unaweza kuonekana kwa macho.

Kwa kila mstari jiulize maswali matatu. Je, kiasi hiki ni mkopo wa awali au ni kilichobaki? Je, ni deni lote au ni rejesho moja tu? Je, pamelipwa chochote tangu picha ilipopigwa? Majibu yatafutwe katika ujumbe wa simu, kitabu cha kikoba, taarifa ya SACCOS na risiti za duka. Usiyatoe kichwani.

Fundi wetu alipofanya hivyo, orodha ilibadilika. Ujumbe wa simu ulithibitisha 70,000, ambayo katika picha ilikaribia kusomeka 10,000. Kitabu cha kikoba kilionyesha kwamba 180,000 ni mkopo wa awali, na kilichobaki ni 120,000. "240" ya dukani ilimaanisha 240,000, lakini 60,000 zilikwisha kulipwa baada ya picha kupigwa, zimebaki 180,000. Nazo 50,000 za SACCOS ni rejesho la mwezi mmoja, na yamebaki marejesho matatu, yaani 150,000. La dada halikubadilika.

Jumla ya picha ilikuwa 640,000. Jumla ya kweli ni 620,000. Tofauti ni ndogo, na mtu angeweza kudhani kuwa kazi yote ilikuwa bure. Lakini kilichobadilika ni mistari mitatu kati ya mitano, na mpango hufuata mistari. Kama angeifuata picha, angepeleka kikoba 60,000 asizodaiwa, na angeshangaa mwezi Julai SACCOS ikimdai tena.

Kuziweka tarehe mbele ya kipato

Sasa panga madeni kwa kufuata tarehe, kisha weka pembeni tarehe ambazo fedha huingia. Fundi wetu hupata salio lake tarehe 7, 14, 21 na 28 Juni, jumla 320,000. Madeni ya Juni ni 420,000. Upungufu wa mwezi ni 100,000, lakini shida huanza mapema zaidi. Akilipa mkopo wa simu tarehe 12, hubaki na 10,000. Tarehe 14 huwa na 90,000, na kesho yake kikoba kinadai 120,000. Jumla ya mwezi isingemwonyesha siku hiyo, kalenda imemwonyesha.

Nani asubiri

Asiyeweza kulipa wote kwa wakati huchagua nani wa kuombwa muda, na kipimo kisiwe yule anayepiga simu mara nyingi zaidi. Tazama kuchelewa kunazaa nini. Mkopo wa simu ukipitisha siku huongezewa tozo, hivyo hulipwa kwanza. Rejesho la SACCOS likikosekana, mzigo huweza kuwaangukia wadhamini na akiba ya mwanachama. Kikoba kina faini kwa mujibu wa katiba yake, ila wanachama wanaweza kukubali sehemu wakiarifiwa kabla ya kikao. Duka halitozi riba katika mfano huu. Hatari yake ni kukataa kukopesha vitambaa tena. Basi duka ndilo la kuombwa awamu.

Ombi lipelekwe kabla ya tarehe ya deni, likiwa na kiasi na siku mahususi. Kauli ya "nitalipa nikipata" haimsaidii anayedai. Mwenye duka aambiwe: "Nitaleta 80,000 tarehe 28 Juni, 80,000 tarehe 5 Julai, na 20,000 tarehe 12 Julai." Akikubali, makubaliano yaandikwe na pande zote mbili zitie saini.

Mpango kamili ni huu:

- 12 Juni: mkopo wa simu 70,000.
- 15 Juni: kikoba 90,000.
- 22 Juni: kikoba 30,000, deni limekwisha.
- 25 Juni: SACCOS 50,000.
- 28 Juni: duka 80,000.
- 5 Julai: duka 80,000.
- 12 Julai: duka 20,000, deni limekwisha.
- 25 Julai: SACCOS 50,000.
- 26 Julai: dada 100,000.
- 25 Agosti: SACCOS 50,000, rejesho la mwisho.

Deni la dada halikuwa na tarehe, nasi tumelipa tarehe. Deni lisilo na siku husukumwa mbele kila mwezi, na mara nyingi huishia kuvunja udugu.

Dalili kwamba mpango hautoshi

Mpango huu hauna akiba hadi katikati ya Julai: tarehe 25 Juni, baada ya kulipa SACCOS, fundi habaki na kitu. Wiki moja ya ugonjwa au cherehani kuharibika itausogeza wote. Wiki yoyote ikileta pungufu ya 80,000, mpango uandikwe upya siku hiyo hiyo, na anayehusika aarifiwe kabla ya tarehe yake. Ikiwa upungufu unajirudia hata mwezi wa pili na wa tatu, kuhamisha tarehe si dawa tena. Mkopeshaji aombwe kubadili masharti, ili rejesho liwe dogo na muda uwe mrefu, naye aeleze kwa maandishi jumla mpya itakuwa kiasi gani. Kukopa upya kwa simu ili kulipa kikoba hubadilisha tu jina la anayedai na kuongeza tozo.

Kila malipo yakifanyika, dai risiti, andika kiasi na tarehe kwenye karatasi mpya, kisha uipige picha ukurasa wote ukionekana, pamoja na tarehe ya siku hiyo juu yake. Picha ya zamani itunzwe kama ushahidi, lakini isitumike tena kupangia malipo. Wala usiitume kwa mtu asiyejulikana anayeahidi kukufutia madeni kwa ada ya kulipwa kwanza: orodha hiyo humwonyesha nani anakudai, kiasi gani, na siku gani utakuwa na fedha mkononi.