Kisa Kinachobeba Hoja

Kisa cha maisha au mzaha huingia katika makala ya kuelimisha kwa njia mbili. Kuna kisa kilichomo kwa sababu kinabeba sehemu ya maelezo yenyewe, na kuna kilichotiwa kwa sababu mwandishi alihofu kwamba maelezo matupu yatamchosha msomaji. Kisa cha kwanza humsaidia msomaji. Cha pili humvuta kando, na mara nyingi ndicho pekee anachobaki nacho siku ya pili.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Shannon Harp na Richard Mayer, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maelezo kuhusu jinsi radi inavyotokea. Baadhi yao walipewa maelezo hayo yakiwa yameongezewa habari za kusisimua, kama vile za watu na ndege waliopigwa na radi. Wanafunzi waliosoma habari hizo walikumbuka hatua chache zaidi za kutokea kwa radi, na walipoulizwa maswali ya kutumia walichojifunza, walijibu vibaya zaidi. Habari hizo zilidhuru zaidi zilipowekwa mwanzoni kuliko zilipowekwa mwishoni. Watafiti hao walieleza kwamba kinachotangulia humwonyesha msomaji makala inahusu nini, na kila kinachofuata hukipanga chini ya wazo hilo. Aliyeanza na mtu aliyepigwa na radi husoma makala ya ajali, hata kama mwandishi alikusudia kueleza mawingu na umeme.

Mzaha una kanuni inayokaribiana na hiyo. Katika utafiti wa Robert Kaplan na Gregory Pascoe uliochapishwa mwaka 1977, mihadhara yenye mifano ya kuchekesha haikuwafanya wanafunzi waelewe zaidi papo hapo. Lakini baada ya wiki 6, yale mambo yaliyofafanuliwa kwa mifano hiyo ya kuchekesha yalikumbukwa vizuri zaidi. Kicheko hukaza pale kilipowekwa. Mwandishi basi anapaswa kujua ni sehemu gani ya makala yake msomaji hana budi kuikumbuka, na akiwa na mzaha mmoja tu mzuri, auweke hapo.

Chukua mfano wa makala inayowafundisha wazazi kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za ORS hazijapatikana. Kiini chake ni kipimo: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo hapa ndipo kosa lina gharama kubwa.

Rasimu ya kwanza ya makala kama hiyo mara nyingi huanza na safari. Mwandishi yuko ndani ya basi la usiku kwenda kijijini, kondakta anabishana na abiria kuhusu kuku, basi linapata pancha, na hatimaye familia inafika na kukuta mtoto wa ndugu anaharisha. Aya nne zimepita, na kipimo bado. Ugomvi wa kuku unaweza kuwa unachekesha kweli, na ndiyo sababu una hatari: unashindana na nusu kijiko cha chumvi, na utashinda. Kuufupisha hakutoshi. Unafaa kuondolewa wote, pamoja na basi lake, kwa kuwa hakuna kitu ndani yake kinachohusiana na maji, chumvi wala mtoto.

Lakini huenda katika safari hiyohiyo kuna jambo dogo ambalo mwandishi alilipita haraka. Pale nyumbani palikuwa na vijiko vitano, wala hapakuwa na viwili vilivyolingana, na kila mama aliyekuwapo alishikilia kuwa kile cha kwake ndicho kijiko cha chai. Kicheko hiki kimekalia hasa pale penye hatari. Msomaji anacheka, na papo hapo anajiuliza kijiko cha nyumbani kwake kina ukubwa gani. Baada yake, sentensi inayofuata bila kukawia itaje kipimo, kisha ifuate njia ya kukihakiki: mchanganyiko uonjwe kabla ya kumpa mtoto, na chumvi yake isizidi ile ya machozi. Bibi anayeonja, anakunja uso, anamwaga na kuanza upya amefundisha hatua hiyo kwa mistari mitatu.

Mpangilio unaofaa ni kuanza na sentensi mbili au tatu zinazosema wazi makala inahusu nini, kisha kisa kuwekwa pale kinapohitajika. Katika makala fupi, maneno 80 hadi 100 yanakitosha. Majina ya abiria, hali ya hewa na saa ya kufika hubaki tu iwapo kuyaondoa kungemfanya msomaji asielewe jambo.

Swali la nani anachekwa ni zito kuliko la urefu. Waswahili wanalijua vizuri kwa njia ya utani. Mtani anaweza kumkejeli mfiwa msibani na asikasirikiwe, kwa sababu pande zote mbili zinaujua uhusiano wao na kila upande una haki ya kujibu. Maneno yaleyale yakitoka kwa asiye mtani ni matusi. Mwandishi wa makala hawajui wasomaji wake mmoja mmoja, na wao hawana nafasi ya kumrudishia. Utani wa makabila ukichapishwa humfikia mtu ambaye hakuwahi kuwa mtani wa yeyote. Katika makala ya kuharisha, kumcheka mama aliyechelewa kwenda zahanati ni kumcheka msomaji ambaye huenda yuko katika hali hiyohiyo usiku huo, naye ataacha kusoma kabla ya kufikia kipimo. Vijiko vitano havimuumbui mtu. Kama kisa kinamhusu ndugu au jirani anayeweza kutambulika, ridhaa yake iombwe kabla, hasa pakiwa na habari za ugonjwa au fedha.

Ipo aina moja ya mzaha isiyofaa kabisa ndani ya maelekezo, nayo ni ya kusema kinyume cha kinachokusudiwa. Ana kwa ana, uso na sauti huonyesha kuwa msemaji anatania. Kwenye karatasi havipo. Ukiandika kwa mzaha kwamba chumvi itiwe mpaka mtoto akimbie, yuko atakayesoma sentensi hiyo peke yake akiwa na haraka. Vichekesho vinavyotegemea misemo ya vijana wa jiji moja navyo humwacha nje msomaji wa Lubumbashi au wa Pemba, ingawa hao hawadhuriki, wanapitwa tu.

Njia ya kuaminika ya kujua kama kisa kimezidi ni kumpa mtu makala aisome bila kumwambia anachotakiwa kutafuta, kisha kesho yake kumwomba asimulie alichosoma. Akianza na vijiko na kufikia nusu kijiko cha chumvi na kuonja, kisa kimefanya kazi yake. Akisimulia vijiko kwa furaha lakini akasitasita kwenye kipimo, kisa ni kizuri ila kipimo kimekuwa mbali nacho, na kinachotakiwa ni kuvisogeza karibu. Akimkumbuka kondakta na kuku, rasimu irudi mezani na kipande hicho kitolewe.