Kabla Hujaituma Pesa: Hatua Tatu za Kuichunguza Kampuni

Mwalimu mmoja wa somo la biashara aliniomba nizungumze na wanafunzi wake kwa kifupi: mtu akisikia kuna kampuni, ataijuaje? Nilichukua mfano unaowagusa wengi Tanzania siku hizi, kampuni ya kukopesha kwa simu. Hatua zenyewe ni tatu, na ya tatu ndiyo watu wengi huiruka.

Kwanza, tafuta jina kamili la kisheria. Jina linalong'aa kwenye tangazo mara nyingi ni la bidhaa tu, na mwenye bidhaa ana jina lingine. Kwenye programu ya mkopo, fungua masharti yale ambayo hakuna anayeyasoma, utafute mkataba unafungwa kati yako na nani. Kama ni duka, angalia risiti ya mashine ya EFD: juu kuna jina la mfanyabiashara na namba yake ya mlipakodi, TIN, yenye tarakimu tisa. Chini kuna kodi ya uhakiki, ambayo ukiiingiza kwenye verify.tra.go.tz inakuonyesha risiti ile kama ilivyo katika kumbukumbu za TRA. Na ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri. Kampuni inayokutaka utume ada kwenye namba yenye jina la mtu binafsi imekupa sababu ya kusimama hapo hapo.

Ukishalipata jina, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Mfumo wao uko ors.brela.go.tz. Hapa kuna jambo la kulitazama kwa makini: usajili wa jina la biashara si sawa na usajili wa kampuni. Mwenye jina la biashara ni mtu yule yule, na madeni ya biashara ni madeni yake. Kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea, ana wakurugenzi na wanahisa, na kwa kawaida mwanahisa wa kampuni yenye dhima ya ukomo hadaiwi zaidi ya hisa zake. Kwa hiyo anayejiita kampuni ilhali ana jina la biashara tu anakupa picha isiyo yake.

Kwa maelezo ya ndani zaidi, unaomba taarifa rasmi kwa ada. Humo uangalie nani wakurugenzi, ofisi iliyosajiliwa iko wapi, na kampuni ilisajiliwa lini. Tangazo likisema "tuna uzoefu wa miaka kumi" na usajili ni wa mwaka jana, umeshajua kitu. Angalia pia kama kuna rehani iliyoandikishwa juu ya mali zake, kwani mkopeshaji mwenye rehani hutangulia mbele yako siku kampuni ikianguka. Na cheti kilichobandikwa ukutani usikiamini kwa macho. Chukua namba yake uitafute mwenyewe; ikileta jina lingine, cheti hicho ni cha kuazima au cha kughushi.

Wengi huishia hapo, wakaridhika. Lakini BRELA inakuambia kampuni ipo. Haikuambii kwamba inaruhusiwa kukopesha au kupokea amana. Ruhusa hiyo hutoka kwa msimamizi wa sekta: bima ni TIRA, hisa na mitaji ni CMSA, mikopo ni Benki Kuu. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni za mikopo zisizopokea amana ziko daraja la pili. Yaani kampuni ya daraja hilo ikikuomba uweke akiba kwake, imetoka nje ya leseni yake hata kama leseni ni halali. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Wakubwa wanaikumbuka DECI. Watu "walipanda mbegu" wakingoja kuvuna, foleni zikajaa Mabibo, Dar es Salaam, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Aliyeuliza swali la hatua ya tatu angepata jibu kabla hajapanda.

Mwanafunzi mmoja aliuliza: je, kampuni ikiwa na leseni, pesa yangu iko salama? Hapana. Leseni haizuii biashara kufilisika, wala haikukingi na riba kubwa uliyoikubali mwenyewe kwenye mkataba. Inachokupa ni mahali pa kupeleka malalamiko, na mtu mwenye mamlaka ya kuyasikiliza. Asiye na leseni hakuachii hata hapo, kwa hiyo jina lake lisipoonekana kwenye orodha ya Benki Kuu, usimtumie hata ada ya fomu.