Chakula cha Mwenye Vidonda vya Tumbo

Wasikilizaji, tuseme mkulima wa Kizota hunywa chai kavu alfajiri, hushika jembe mpaka alasiri, kisha jioni hula ugali mwingi kwa mara moja. Akiwa na kidonda tumboni, mara nyingi maumivu humshika tumbo likiwa tupu, na tena usiku wa manane. Sababu ni kwamba tumbo hutoa maji makali ya kuyeyusha chakula, nayo yasipokuta chakula huchoma kidonda.

Basi chakula kile kile na akigawe. Saa moja asubuhi anywe uji wa uwele; saa nne ale ndizi mbivu; saa saba ugali wa mtama kwa mlenda; saa kumi uji tena; saa moja jioni ugali kidogo na mboga. Kisha asile tena, alale saa nne, kwa kuwa chakula cha usiku huyaamsha maji yale. Maziwa nayo hutuliza kitambo, kisha huyazidisha. Kikombe kimoja chatosha.

Pilipili, ubuyu na kahawa humwumiza huyu, yule asidhurike. Kila mtu aache kimchomacho. Lakini pombe na tumbaku aziepuke, wala asimeze aspirini bila kumwuliza daktari.

Chakula hutuliza tu, hakiponyi. Vidonda vingi huletwa na kijidudu kiuawacho kwa dawa. Kwa hiyo aende hospitali apimwe. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, aende siku ile ile.