Barua ya kuomba nafasi ya uzamivu: anza na swali

Barua nyingi za kuomba nafasi ya uzamivu hufunguliwa kwa historia ya maisha: vita, safari, kambi. Ni historia ya kweli, lakini wanaosoma barua wanataka kujua kwanza utachunguza nini.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwombaji mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Kigali. Rasimu yake ya kwanza ilisema, "Nataka kuchunguza amani na kumbukumbu katika Maziwa Makuu." Hiyo ni mada tu, bado si swali. Sasa atazame Rebero. Juu ya kilima hicho wamezikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kupinga mpango wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kila tarehe 13 Aprili wiki ya maombolezo hufungwa hapo. Swali lake linaweza kuwa hili: vijana wa Kigali waliozaliwa baada ya 1994 wanajua nini kuhusu wanasiasa hao, na wamejifunza wapi, shuleni, nyumbani au kwenye maadhimisho? Swali hili lina watu, mahali na kipindi. Tena jibu linaweza kumshangaza yeye mwenyewe. Kama jibu unalo tayari, huna utafiti.

Swali ndilo linalochagua mbinu. Hapa zinahitajika mahojiano na usomaji wa vitabu vya shule. Usiandike "nina uzoefu wa utafiti". Andika ulihoji watu wangapi kwa tasnifu ya uzamili, kwa lugha gani, na uliyachambuaje majibu yao. Kiswahili chako kinaweza kusaidia kwingine, lakini mahojiano haya yanahitaji Kinyarwanda. Kisha taja usichokijua bado, mfano kazi ya nyaraka, na somo la chuo hicho litakaloziba pengo. Wengi huogopa kukiri upungufu, ilhali kinachotia shaka zaidi ni barua isiyo na upungufu wowote. Taja pia kwamba utafiti nchini Rwanda unahitaji kibali.

Msimamizi anakuja mwisho, na hapa ndipo wengi huharibu kwa sifa tupu. Soma angalau makala mbili zake, kisha eleza swali lako linaendeleza au linapinga kitu gani ndani yake. Jipime hivi: weka jina la profesa mwingine katika sentensi hiyo. Ikibaki kweli, iandike upya. Vyuo vingi vya Uingereza hutaka umpate msimamizi mapema, kwa hiyo mwandikie kabla ya kutuma maombi na umuulize kama anapokea wanafunzi. Marekani mara nyingi kamati ndiyo huchagua, kwa hiyo taja walimu wawili au watatu.

Na ile historia ya maisha? Ibakishe pale inapoeleza kwa nini unaweza kufanya kazi hii: lugha unazozungumza, watu watakaokubali kukaa nawe na kuzungumza. Kwa kawaida sentensi tatu zinatosha.