Neno Moja, Heshi Tatu

Anayeanza kujifunza Python hukutana na kosa hili mapema. Anaandika mistari miwili, anabonyeza kitufe cha kuendesha programu, na skrini inamkatalia.

```python
import hashlib
hashlib.sha256("ng'ombe")
```

```
TypeError: Strings must be encoded before hashing
```

Ujumbe huo unasema kwamba maandishi lazima yasimbwe kwanza, yaani yageuzwe kuwa baiti, ndipo yapigwe heshi. Wengi huongeza `.encode()` mwishoni mwa neno, kosa linatoweka, nao wanaendelea na kazi. Lakini swali ambalo Python imeliuliza hapo ni la kweli, na lugha ya Kiswahili ina neno linaloonyesha vizuri sababu yake. Neno hilo ni ng'ombe.

Heshi ni hesabu inayochukua data ya urefu wowote na kutoa jibu la urefu usiobadilika. Kwa SHA-256, jibu ni baiti 32, ambazo kwa kawaida huandikwa kama tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Ikibadilika biti moja tu ya data, jibu lote hugeuka kiasi kwamba hakuna anayeweza kuona undugu kati ya la zamani na jipya. Ndiyo maana heshi hutumika kuhakiki kwamba faili iliyopakuliwa ni ileile iliyotumwa, au kwamba kumbukumbu mbili katika hifadhidata ni sawa.

Hesabu hiyo haijui herufi. Inapokea mfululizo wa baiti, ambazo ni namba kati ya 0 na 255, inaongeza mwishoni alama ya kufungia pamoja na urefu wa data hiyo kwa biti, kisha inachakata kila kipande cha baiti 64. Ukiiuliza kama imepewa neno au picha, haina jibu.

Kwa upande mwingine, maandishi katika Python 3 si baiti. Ni orodha ya alama za Unicode, na kila alama ina namba yake: n ni 110, g ni 103, ritifaa iliyonyooka ni 39. Namba hizo zinaitambulisha alama tu. Hazisemi itaandikwaje inapohifadhiwa kwenye faili au kutumwa kwenye mtandao. Kazi hiyo ni ya mfumo wa usimbaji, nayo mifumo ni mingi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Python isipige heshi baiti zilizomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa kuwa lazima neno limewekwa mahali fulani. Tangu toleo la 3.3, Python huhifadhi maandishi kwa baiti 1, 2 au 4 kwa kila alama, ikitegemea alama yenye namba kubwa zaidi iliyomo. Huo ni mpango wake wa ndani wa kubana nafasi. Heshi iliyojengwa juu ya mpango huo isingelingana na ile ya programu ya Java au PHP, na ingevunjika siku mpango wenyewe ukibadilishwa.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Kwenye kibodi ya kompyuta, ritifaa huwa imenyooka. Lakini Word na simu nyingi huigeuza kuwa iliyopinda, ile yenye umbo la mkia mdogo, ambayo katika Unicode ni alama tofauti kabisa: U+2019. Jicho la msomaji huliona neno moja. Hivi ndivyo linavyoonekana linapogeuzwa kuwa baiti:

```python
"ng'ombe".encode("utf-8").hex()
# 6e67276f6d6265
"ng\u2019ombe".encode("utf-8").hex()
# 6e67e280996f6d6265
"ng\u2019ombe".encode("cp1252").hex()
# 6e67926f6d6265
```

Katika mstari wa kwanza ritifaa ni baiti moja, 27. Katika wa pili, UTF-8 inaitumia baiti tatu, e2 80 99, na neno linafikia baiti tisa badala ya saba. Katika wa tatu, cp1252, mfumo wa zamani wa Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi, unairudisha kwenye baiti moja, lakini sasa ni 92. Mifululizo mitatu, heshi tatu, zisizofanana hata kidogo.

Humu mna matatizo mawili, nayo hayatibiwi kwa dawa moja. Mstari wa pili na wa tatu una alama zilezile zilizosimbwa kwa njia mbili, na hapo suluhisho ni pande zote kukubaliana kutumia mfumo mmoja. Mstari wa kwanza na wa pili umesimbwa kwa mfumo uleule, ila alama zenyewe ni tofauti. Hapo UTF-8 haina kosa lolote. Mwandishi wa programu ndiye anayepaswa kuamua kama ritifaa mbili zihesabiwe kuwa moja, na kama ndivyo, azibadilishe kabla ya kusimba:

```python
neno = neno.replace("\u2019", "'")
heshi = hashlib.sha256(neno.encode("utf-8")).hexdigest()
```

Kinachofanya kasoro hii ikawie kugunduliwa ni kwamba Kiswahili huandikwa karibu chote kwa herufi za kawaida za ASCII, na kwa herufi hizo UTF-8, cp1252 na Latin-1 hutoa baiti zilezile. Programu itajaribiwa kwa maneno kama mbuzi, kondoo na punda, na kila kitu kitalingana. Kisha atasajiliwa ng'ombe.

Latin-1 haina kabisa nafasi ya ritifaa iliyopinda, kwa hiyo Python itasimama na kutoa kosa la `UnicodeEncodeError`. Hilo ni jambo jema, maana tatizo limeonekana. Hatari ni pale mtu anapolinyamazisha kwa `errors="ignore"`. Ritifaa inatupwa, linabaki "ngombe", na maandishi mawili tofauti yanapata heshi moja bila onyo lolote.

Kuna pia njia ya mkato inayopoteza wengi. Python ina `hash()` ya kwake, ambayo hukubali maandishi moja kwa moja bila kudai usimbaji. Hiyo ni ya matumizi ya ndani, kwa mfano kupanga vitu katika kamusi za Python, na kwa maandishi jibu lake hubadilika kila programu inapowashwa upya. Kuihifadhi kwenye hifadhidata ni kupoteza kazi.

Heshi mbili zinapokataa kulingana, kuzikodolea macho heshi zenyewe hakusaidii. Chapisha `.hex()` ya baiti za kila upande kabla ya kupiga heshi, kisha linganisha kuanzia mwanzo. Ukiona 27 upande mmoja na e28099 upande wa pili, chanzo ni kibodi au Word. Ukiona fffe mwanzoni na 00 baada ya kila herufi, kuna aliyetumia UTF-16. Ukiona 0a au 0d0a mwishoni, mstari ulisomwa pamoja na alama ya kumalizia. Ikiwa kinachohakikiwa ni faili nzima, ifungue kwa `"rb"` ili zisomwe baiti kama zilivyo, na suala la usimbaji halitajitokeza.

Katika Python 3, `.encode()` isiyotajiwa mfumo hutumia UTF-8. Hata hivyo andika `"utf-8"` kwa jina kwenye msimbo, na uitaje pia katika maelezo unayompa mwenzako atakayehesabu heshi ileile kwa lugha nyingine. Kabla ya kumkabidhi, jaribuni wote wawili neno lenye ritifaa iliyopinda.